Mnaochapa maneno ya mabango ya kwenye picha: ile QR mnaiandikaje?

#1 Mtoto wa Shangani
Wakuu habari za jioni. Niko Mtwara mjini, kwenye grupu letu la wasapu la mtaa mimi ndo nimepewa kazi ya kuchapa matangazo. Mtu akirusha picha ya bango nalichapa lote chini yake, maana tuna wazee macho yamechoka, tuna wenye simu ambazo picha haifunguki mpaka bando lilie, na tuna ndugu yetu mmoja haoni kabisa anatumia simu ya kumsomea.

Juzi imeletwa picha ya bango la semina ya wakulima wa korosho, limebandikwa ukutani karibu na stendi. Nikachapa kila kitu vizuri tu, kichwa cha habari, siku, ukumbi, namba za simu, anwani ya tovuti. Chini kulia kuna QR. Nikaona ile si neno, ni mapicha tu, nikairuka.

Asubuhi nimeamka na kesi mbili. Ya kwanza, mama mmoja anauliza "umeandika skani hapa, hapa wapi?" Ya pili, watu wanasema anwani niliyoandika haifunguki, inasema ukurasa haupo. Na mimi naapa nimeichapa kwa makini.

Hii ndo sehemu ya chini ya bango, jina la tovuti yao nimelificha nimeweka example.org, kilichobaki ni vilevile nilivyochapa:

SKANI HAPA KUJISAJILI
Au tembelea:
```
www.example.org/usajili-semina-korosho
```

Swali langu: QR inatajwa au inarukwa? Na kama inatajwa, naandika kwamba ipo tu, au naifungua niandike kilichomo?

#2 KoroshoGhafi
Iruke. Kuchapa ni kuchapa maneno, QR haina neno hata moja. Utaanza kutuchapia na maua ya pembeni?

#3 Mwalimu Nachingwea
Mkuu #2 sikubaliani na wewe. Soma alichochapa uone. "Skani hapa" bila kitu cha kuskani ni sentensi imekatwa mguu. Halafu inafuata "Au tembelea". Au ya nini? Neno "au" lina pande mbili, yeye kafuta upande mmoja. Ua likiondoka bango linasomeka vilevile, QR ikiondoka maneno yaliyobaki hayaeleweki. Ndo tofauti yake na maua.

Kwa hiyo itajwe, na itajwe palepale ilipo, jirani na hayo maneno yake, sio kuitupa mwisho kabisa kama nyongeza. Mimi naandika hivi, [QR ipo hapa], ndani ya mabano ya mraba, ili msomaji ajue haya ni maneno yangu mimi mchapaji, hayajachapwa kwenye bango.

#4 dalali wa Masasi
Nimefurahi kuona uzi huu nina duka la pembejeo hapa Masasi nataka na mimi niweke QR ya kulipia pale kaunta, nitengenezewe wapi na bei gani? Maana wateja wa msimu huu hawatembei na keshi.

#5 Binti Mikindani
Dalali wewe umeingia nyumba siyo 😂

Mtoto wa Shangani hebu rusha picha yenyewe tuone hiyo anwani. Nahisi tatizo sio QR.

#6 Mtoto wa Shangani
Picha hiyo hapo chini, nimeziba namba za simu na jina la tovuti. [picha]

#7 Binti Mikindani
Nilijua. Soma tena taratibu. Bango limeandika KUJISAJIRI. Kwa R. Na anwani nayo ni usajiri, kwa R. Wewe umewasahihishia Kiswahili.

#8 Mtoto wa Shangani
Duh. Kweli kabisa. Nimeandika L bila hata kujua, mkono umeenda wenyewe. Lakini si ndo sahihi? Kujisajili.

#9 Mwalimu Nachingwea
Ni sahihi darasani, kwenye anwani ni kosa. Anwani haijui sarufi, inajua herufi zilizowekwa na mwenye tovuti. Yeye katengeneza ukurasa unaitwa usajiri, wewe unamtuma mtu usajili, nyumba haipo. Ni kama mtu anaitwa Asha ukaenda mtaani kwao kumuulizia Aisha.

Na hata lile KUJISAJIRI la juu usingeligusa. Unachapa bango lao, hausahihishi mtihani. Ukiona aibu weka mabano pembeni, [hivyohivyo kwenye bango], basi. Faida yake ndo hii, mtu akiona bango kichwani limekosea kwa R ataelewa kwa nini na anwani ina R.

Kingine, angalia kibodi ya simu. Inapenda kuanza na herufi kubwa na inajisahihishia yenyewe. Jina la tovuti lile la mbele halijali kubwa wala ndogo, lakini kinachofuata baada ya mkwaju wa kwanza tovuti nyingine zinajali. Usajiri na usajiri zinaweza kuwa kurasa mbili tofauti.

#10 Mzee wa Ming'oko
Mkwaju! Mwalimu bado yupo na mikwaju yake 😂😂 sisi wengine tunasema slashi, ukitaja mkwaju nainua mikono juu nimekumbuka darasa la tano.

#11 Mtoto wa Shangani
Nimejaribu na R lakini kuna kitu kingine kimenitatiza. Kwenye bango anwani imekatika mistari miwili hivi:
```
www.example.org/usajiri-
semina-korosho
```
Sasa kile kistari cha mwisho wa mstari wa juu ni cha anwani, au ni kile tu cha kukata neno likienda mstari wa pili kama tunavyofanya kwenye daftari?

#12 fundi_flexi
Mimi natengeneza mabango haya haya, niko hapa Mtwara, ngoja nikuambie. Kwenye picha peke yake huwezi kuwa na uhakika asilimia mia, maana programu nyingine ya kupangia maneno ikifika ukingoni inaweka kistari yenyewe, fundi asipokuwa makini inatoka hivyo hivyo mpaka kwenye flexi. Ila kuna dalili. Angalia semina na korosho, wako mstari mmoja, kati yao pana kistari ambacho hakuna aliyekilazimisha. Maana yake mwenye tovuti ana tabia ya kutenganisha maneno kwa kistari. Kwa hiyo kile cha baada ya usajiri nacho kuna uwezekano mkubwa ni cha kwake.

Ndo hivyo hivyo na o na sifuri. Usikisie, tafuta herufi hiyo hiyo mahali pengine kwenye bango lile lile. Namba ya simu inaanza na sifuri, hiyo ndo sampuli yako ya sifuri ya hayo maandishi, ilinganishe na o ya korosho, utaona sifuri nyembamba na imesimama, o imeviringika. Moja na l ndogo nazo ni hivyo hivyo. Lakini iwe ni maandishi ya aina moja, kichwa cha habari mara nyingi kina aina yake.

#13 Mtoto wa Shangani
Na kistari imefunguka! Bila kistari haifunguki. Ahsante fundi, ahsante Binti. Narekebisha kule grupuni.

Bado swali la QR.

#14 Sikio la Kusini
Habari zenu. Mimi ni mmoja wa hao mnaowachapia, siko grupu hilo ila niko Lindi na sioni tangu mdogo, natumia TalkBack. Niseme upande wangu.

Picha ikiingia mimi nasikia neno "picha" halafu kimya. Kwa hiyo chochote ambacho hamkuchapa kwangu hakipo duniani. QR mkiiruka sijui kama ipo, simwombi mtu anisaidie kuiskani kwa sababu sijui pa kuombea. Mkiandika [QR ipo hapa] tayari najua, namshika mtoto wa dada namwambia hebu elekeza simu yangu hapo.

Ila msiipambe. Kuna mtu alinichapia "mraba wenye vidoti vingi vyeusi na vyeupe na vimraba vitatu pembeni". Nimesikiliza yote hayo nikidhani ni kitenge. Kumbe QR. Neno moja linatosha, halafu niambieni inahusu nini kama bango limesema, mfano ya kujisajili au ya kulipia.

Na anwani iwekeni mstari wake peke yake, yote kwa pamoja hata kama bango limeikata, na msiweke nukta mwisho. Apu nyingine inaibeba ile nukta kama sehemu ya linki, nikibonyeza napelekwa pasipo na mtu. Mimi nikiwa na wasiwasi napita herufi moja moja nasikiliza, hiyo R ya usajiri ningeisikia nikajua labda mchapaji kakosea, ndo pale hayo mabano ya mwalimu yangenisaidia.

#15 KoroshoGhafi
Narudisha maneno yangu ya #2. Sikio umenifunga mdomo.

Lakini sasa si bora zaidi wamfungulie kabisa? Kwa nini ahangaike na mtoto wa dada? Skani, kopi linki, pesti. Kwishnei.

#16 Binti Mikindani
Mimi naungana na KoroshoGhafi hapo. QR kwa asiyeona ni mlango uliofungwa, kumwambia "kuna mlango" bila kumfungulia ni nusu ya msaada.

#17 Mwalimu Nachingwea
Mimi naogopa. Kilichomo ndani ya QR hakijachapwa kwenye bango, hakuna aliyekisoma kwa macho. Ukikichanganya na maneno ya bango, msomaji atadhani taasisi imeandika. Ukitaka kuweka weka chini kabisa, nje ya maneno ya bango, sema "nimeskani siku fulani ikaonyesha hivi". Siku ni muhimu.

#18 Mjukuu wa Kilwa
Siku ni muhimu kwa sababu QR huwa zinakufa. Zinaisha muda kama wiki mbili hivi. Ofisini kwetu tulitengeneza tukachapa vipeperushi, ya tatu tu haifanyi kazi. Ni teknolojia ya Wachina hizi.

#19 fundi_flexi
Mjukuu umepatia nusu. QR yenyewe haifi, ni maandishi tu yamepangwa kwa vibox, hata baada ya miaka ishirini ukiiskani itakupa herufi zilezile. Kinachokufa ni kule inakoelekeza. Nyingi za bure za mtandaoni hazikuwekei linki yako, zinakuwekea linki fupi ya kwao, mtu akiskani anapita kwao kwanza ndo wanamsukuma kwako. Muda wa bure ukiisha wanafunga mlango wao, wewe unadhani QR imekufa. Nadhani ndo yaliyowapata. Nilishalipishwa na mteja kwa kosa hilo nikachapa upya kwa hela yangu, tangu siku hiyo naweka anwani yenyewe moja kwa moja.

Na sio Wachina, ni Wajapani, kampuni ya Denso Wave, 1994, walikuwa wanafuatilia vipuri vya magari kiwandani.

#20 Mtoto wa Shangani
Sasa mimi nimejaribu kuiskani kwenye ile picha ya wasapu inagoma kabisa. Simu inaitafuta tu.

#21 fundi_flexi
Picha imeshatumwa mara ngapi? Wasapu inaipunguza ikitumwa kama picha ya kawaida, vile vibox vinayeyuka vinashikana. QR inavumilia uchafu na kuchanika, ikitengenezwa kwa kiwango cha juu kabisa hata karibu asilimia 30 ikiharibika inasomeka, ndo maana watu wanaweka nembo katikati. Lakini ukungu wa picha hauharibu kipande, unaharibu yote kwa mpigo. Mwambie aliyepiga aitume kama dokumenti, hapo haipunguzwi.

#22 Mtoto wa Shangani
Aliyepiga kafuta. Simu yake imejaa.

#23 Binti Mikindani
Kesho napita stendi naenda mjini, nitaipiga karibu.

#24 dalali wa Masasi
Kwa hiyo ile ya dukani niitengeneze ya bure au ya kulipia? fundi naomba jibu maana nimeona unajua.

#25 fundi_flexi
Dalali ya malipo anakupa mtandao wako wa simu ukijiandikisha kama mfanyabiashara, usiitengeneze mwenyewe mtandaoni utakuja kulia.

#26 Binti Mikindani
Nimefika. Wakuu kuna mambo. [picha 3]

Nimeskani kwa kamera, sijafungua, nimeangalia tu anwani inayotokea juu kabla ya kubonyeza. SIO ile iliyochapwa. Ni linki fupi, mkwaju halafu herufi saba za fujo, hamna usajiri wala korosho. Na cha pili, angalieni picha ya pili nimepiga kwa pembeni. QR ni STIKA. Imebandikwa juu ya bango. Bango lina weupe wa manjano wa jua, stika nyeupe pee, na kona ya chini imeanza kubanduka.

#27 Mzee wa Ming'oko
Wezi hao. Kila mahali sasa wanabandika za kwao juu ya za watu, unadhani unajisajili kumbe unawapa namba ya siri. Mimi jamaa yangu aliskani kwenye sehemu ya kulipia chakula, hela ikaenda kwa mtu asiyejulikana. Kumbe stika.

#28 fundi_flexi
Taratibu mzee. Inawezekana lakini sisi mafundi tunabandika stika kila siku. Umeshachapa mabango hamsini ya flexi, mteja anasema QR imekosewa, utachapa yote upya? Unachapa stika hamsini unazunguka unabandika. Hakuna wizi hapo.

Nimeikuza picha ya Binti nimehesabu vibox. Kuna njia rahisi, angalia kati ya mraba mkubwa wa juu kushoto na wa juu kulia, pana mstari wa vibox vinavyopishana, cheusi cheupe cheusi. Vihesabu hivyo, ongeza 16, umepata ubavu mzima. Hapo nimepata 9, kwa hiyo ubavu ni 25. QR ya 25 kwa herufi za kawaida ndogo haizidi 32, hiyo ni kwa kiwango cha chini kabisa cha kuvumilia uharibifu. Anwani ya bango kwa mfano huo wa Shangani ni herufi 38, ukiweka na https:// mbele ni 46. Haiingii. Kwa hiyo hata bila kuiskani ungejua hii haikubeba anwani iliyochapwa, imebeba kitu kifupi.

#29 Mjukuu wa Kilwa
Fundi na wewe umepatia nusu 😁 nimesoma sehemu, QR ikiandikwa kwa herufi kubwa tupu inabeba zaidi. Hiyo ya 25 inafika 47. 46 inaingia.

#30 fundi_flexi
Hahaha umelipiza. Ni kweli, kwa herufi kubwa tupu, tarakimu na alama chache, inaingia. Ila mwalimu kasema juu, baada ya mkwaju wa kwanza herufi kubwa zinaweza kukupoteza, kwa hiyo fundi mwenye akili hafanyi hivyo kwa anwani kama hii. Na Binti ameshaona ni linki fupi.

#31 Mwalimu Nachingwea
Sasa mnaona nilichokuwa naogopa? KoroshoGhafi angeskani, angekopi, angepesti ndani ya maneno ya bango. Watu wa grupu wangebonyeza kwa imani kwamba taasisi ndo imeandika, kumbe hatujui nani kabandika.

#32 KoroshoGhafi
Na asiyeona je? Mwenye macho anaiona stika anaamua mwenyewe. Sikio tunamuamulia sisi.

#33 Sikio la Kusini
Niambieni mlichokiona, nitaamua. Mkisema "QR iko kwenye stika iliyobandikwa juu" mimi situmii, natumia anwani iliyochapwa ambayo Shangani kasema inafunguka. Hapo mmenisaidia kuliko kunipa linki. Lakini Binti na KoroshoGhafi wana hoja yao, kuna mabango hayana anwani kabisa, ni QR tu na "skani hapa". Siku hiyo mkisema ipo mkanyamaza, mimi nimebaki nje. Hapo nataka linki, na mniambie imetoka kwenye QR.

#34 Mwalimu Nachingwea
Hilo la bango lisilo na anwani sikulifikiria. Nalichukua. Ila ndani ya mstari wa bango bado sitaiweka.

#35 Binti Mikindani
Mimi ningeiweka palepale kwenye mabano. Chini kabisa nani atafika?

#36 Mzee wa Ming'oko
Kuna kitu hamjasema. Labda bango ni la msimu uliopita. Angalieni siku ya semina, na yenyewe imebandikwa karatasi juu. Wamelifufua bango la zamani, QR ikawa ya zamani wakaweka mpya. Watu wa kwetu hawatupi flexi, ikichoka tunafunikia salfa isilowe.

#37 Binti Mikindani
Mzee macho yako bado. Kweli sehemu ya tarehe nayo ni stika. Shangani ulichapa tarehe bila kuona.

#38 Mtoto wa Shangani
Kwenye ile picha ya mwanzo haionekani kabisa, imefifia yote sawa. Basi nimeandika upya, nimepita na namba nikauliza ofisi inayohusika, aliyepokea kasema yeye ni mlinzi, mwenye semina yuko Newala. Angalieni kama imekaa:

SKANI HAPA KUJISAJIRI [hivyohivyo kwenye bango]
[QR ipo hapa. Iko kwenye stika iliyobandikwa juu ya bango, haielekezi kwenye anwani iliyochapwa hapa chini]
Au tembelea: [kwenye bango anwani imekatwa mistari miwili]
```
www.example.org/usajiri-semina-korosho
```

#39 Sikio la Kusini
Imesomeka vizuri sana. Mabano ni mengi kidogo ila nimeelewa kila kitu.

#40 Mwalimu Nachingwea
"Haielekezi" umeijuaje? Binti hakufungua. Linki fupi inaweza kuzunguka ikaishia hapohapo kwenye usajiri. Andika "ikiskaniwa inaonyesha anwani nyingine".

#41 Mtoto wa Shangani
Nimebadilisha mwalimu.

#42 Binti Mikindani
Wakuu nimerudi stendi jioni hii, stika ya QR haipo. Imebanduliwa, imeondoka na nusu ya iliyokuwa chini. Sehemu ya juu ya QR ya zamani imebaki, ya chini yote imechunika. Haiskaniki. [picha]

#43 fundi_flexi
Mistari ya juu imebaki safi. Nimehesabu kati ya miraba miwili, ni 13. Jumlisha 16, ubavu 29. Hiyo inabeba mpaka 53. Anwani ya 46 ingeingia humo bila shida.

#44 Mzee wa Ming'oko
Kwa hiyo ya chini ndo ilikuwa sahihi! Nilisema wezi mimi.

#45 fundi_flexi
Sikusema ilikuwa sahihi, nimesema ingeingia. Hata linki ya maharage inaingia.

#46 KoroshoGhafi
Na aliyebandua ni nani sasa, mwizi, mwenye semina, au watoto wa stendi?

#47 Mtoto wa Shangani
Na mimi nibadilishe tena pale grupuni? Maana picha ina stika na bango halina.

#48 Mwalimu Nachingwea
Unachapa picha. Iache, weka tarehe iliyopigwa.

#49 Mtoto wa Shangani
Aliyepiga kafuta, tarehe haikumbuki.

#50 dalali wa Masasi
Wakuu nimejiandikisha wamenipa QR, ila ni karatasi tu. Niibandike ukutani au kuna wa kunichapia stika?